Herufi Moja katika Swali la Kumi na Saba

Ili jambo lenyewe lieleweke, yafaa kwanza nieleze hali ilivyokuwa kabla halijatokea. Tulikuwa watu saba katika kamati ya kutunga maswali ya Kiswahili kwa ajili ya mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Tulikutana kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, katika chumba cha kituo cha walimu chenye meza moja ndefu na viti ambavyo havikulingana hata viwili. Wenzangu karibu wote walikuwa walimu wa shule za msingi. Mimi nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nafundisha upimaji na tathmini, na kwa sababu hiyo nilipewa kazi ya kuyakokotolea maswali hesabu zake baada ya wanafunzi kuyajibu.

Kamati ilikuwa na desturi moja iliyotutangulia sote. Swali likishaandikwa kwa mkono na mtunzi wake, halikugawiwa mezani. Lilisomwa kwa sauti. Mmoja alisoma, wengine tulisikiliza macho yakiwa dirishani, na aliyesikia kasoro aligonga meza kwa kidole. Inasemekana desturi hiyo ilianza nyakati ambazo nakala ilikuwa moja tu na mashine ya kurudufu haikuwepo. Mashine ilikuja, desturi ikabaki. Tulijivunia kusema kwamba swali la Kiswahili sharti lipite sikioni kwanza. Tulisoma kwa zamu, na msomaji aliporidhika alitia alama ya vema pembeni mwa swali kwa kalamu yake mwenyewe. Yangu ilikuwa ya wino wa kijani. Baada ya hapo karatasi ilikwenda kwa mchapaji, na tangu hapo hapakuwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kulitazama swali hilo tena.

Mtu ninayemkumbuka katika kurasa hizi alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upande wa Kisesa. Alinizidi miaka minne, kwa hiyo kwa haki ningemwita kaka, lakini aliikataa heshima hiyo akidai kwamba Mkerewe hana kaka Msukuma, ana mtani tu. Yeye aliniita Mkerewe. Mimi nilimwita Mtani. Kila nilipoingia chumbani aliinuka nusu, akaniambia "Mwangaluka!" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka mbugani, nami nikajibu kwa Kisukuma kibovu makusudi ili apate cha kucheka.

Kikao kilipokwisha tulishuka kwa miguu hadi Mabatini, kwa mama mmoja aliyeuza chai ya maziwa na chapati nyuma ya duka la vitenge. Tulikaa hapo mpaka yule mama aanze kukusanya vikombe vyetu bila kutuuliza. Mazungumzo yetu hayakuwa makubwa. Tulibishana kuhusu maneno. Tuliweza kumaliza saa nzima juu ya tofauti ya kudhani na kudhania, na kama mtu anaweza kusahau jambo ambalo hakuwahi kulijua. Nimekaa na wasomi wengi tangu wakati huo, baadhi yao wenye vyeo vya kutisha, wala sijapata tena mtu wa kubishana naye juu ya neno moja kwa furaha ile. Ninapoandika hivi nasikia kabisa jinsi alivyokuwa akikikung'uta kijiko ukingoni mwa kikombe kabla ya kutoa hoja aliyodhani itanimaliza.

Alikuwa na daftari dogo lenye safu mbili. Juu ya safu moja aliandika R, juu ya nyingine L. Kisukuma hakikumpa r, na alipofika chuo cha ualimu akiwa kijana, mkufunzi mmoja alizoea kumsimamisha darasani na kumwamuru aseme "reli ya kati", na yeye akasema "leli ya kati", na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Alinisimulia kisa hicho mara moja tu, tena akiwa anacheka. Lakini daftari lilianza mwaka huo. Kura na kula. Karamu na kalamu. Mahari na mahali. Hari na hali.

"Kila neno nimelifunga kwenye zizi lake," aliniambia. "Ulimi unaweza kuvunja ua, lakini mkono hauvunji."

Ilikuwa kweli. Katika mazungumzo alikuwa bado akisema "habali za asubuhi", lakini katika maandishi sikuwahi kumkuta na herufi iliyopotea. Mkono wake ulikuwa na hadhari ambayo sisi wengine, tuliodhani tunajua, hatukuwa nayo. Mahali alipokuwa na shaka, aliandika r, maana alijua ulimi wake ulikosea upande gani.

Alitaka jambo moja, na kila mtu katika kamati alilijua. Alitaka kuthibitishwa kuwa mtunzi wa kudumu. Kwa mwaka mzima alikuwa mtunzi wa majaribio, na kanuni yetu ilikuwa wazi: maswali ya mtunzi wa majaribio yakishajibiwa na wanafunzi na hesabu zake kutolewa, yakionekana mazima, anathibitishwa; likitokea swali lenye namba hasi kwa kosa la mtunzi mwenyewe, hathibitishwi. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa ni chai na nauli. Aliitaka kwa sababu nyingine. "Nataka siku moja," alisema akiwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, "mtoto asome Kiswahili changu kwenye karatasi ya mtihani, asijue kama mwandishi ni Msukuma au ni mtu wa pwani."

Sasa nieleze hiyo namba, kwa sababu bila kuielewa msomaji hataona kilichotokea.

Swali la kuchagua jibu humgawa mwanafunzi katika makundi mawili: aliyepata tunampa moja, aliyekosa tunampa sifuri. Kila mwanafunzi pia ana jumla ya alama zake katika mtihani mzima. Swali zuri ni lile ambalo wanaolipata ni, kwa kawaida, walewale wanaofanya vizuri katika maswali mengine. Basi tunachukua wastani wa alama za waliolipata, tunatoa wastani wa waliolikosa, tofauti hiyo tunaigawa kwa kipimo cha mtawanyiko wa alama zote, kisha tunazidisha kwa kipeuo cha pili cha zao la sehemu ya waliopata na sehemu ya waliokosa. Namba inayotoka haiwezi kuzidi moja wala kushuka chini ya hasi moja. Ikiwa chanya na ya kutosha, swali linafanya kazi. Ikikaribia sifuri, swali halitenganishi mtu na mtu. Ikiwa hasi, kuna jambo lililopinduka: wanaojua wanakosa, na wasiojua wanapata. Mimi nilizoea kuliondoa swali lenyewe katika jumla kabla ya kukokotoa, ili lisijitolee ushahidi.

Jina la kipimo hiki ni refu na la kigeni: point-biserial. Mwalimu mmoja wa Mabatini, mcheshi wa kamati yetu, mtu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa mjini, alilisikia nikilitamka siku ya kwanza, akashika mwisho wake tu, akauliza, "Huyu Bi Seria ni nani?" Tangu hapo likawa hilo. Bi Seria akawa kama mama mkwe asiyependezwa na kitu. Tukimaliza kusoma maswali mtu husema, "Tusubiri Bi Seria atasemaje." Mtani wangu alimwita Bi Selia, na hakuna aliyemsahihisha.

Mwaka huo maswali arobaini yalijaribiwa kwa wanafunzi mia mbili wa shule nne. Sita kati ya hayo yalikuwa ya Mtani. Karatasi za majibu zililetwa chuoni kwangu katika mfuko wa sandarusi, nami nilizifanyia kazi kwa wiki nzima, nikiingiza majibu ya kila mwanafunzi kwenye kompyuta, herufi baada ya herufi. Ijumaa mchana nikatoa hesabu. Swali la kwanza lilikuwa zima. La pili, zima. La tano lilikuwa dhaifu, lakini lilikuwa langu mwenyewe, nikaliandika bila kusita. Nilipofika la kumi na saba nikakuta alama ya kutoa mbele ya namba.

Lilikuwa la Mtani.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba nimekosea kuingiza. Nilirudia karatasi zote mia mbili kwa swali hilo peke yake. Sikuwa nimekosea. Wanafunzi sitini walikuwa wamelipata, mia moja na arobaini wamelikosa. Katika maswali thelathini na tisa yaliyobaki, wale sitini walikuwa na wastani wa alama kumi na tisa. Wale mia na arobaini, ishirini na nne. Mtawanyiko ulikuwa saba. Ukifuata hesabu niliyoieleza utapata hasi sifuri nukta tatu tatu.

Namba hasi ni kama homa: inakuambia kuna ugonjwa, haikuambii ni upi. Kwa hiyo nikafanya nililokuwa nikiwafundisha wanachuo kila mwaka, nikatazama ni nani alichagua nini. Jibu lililowekwa kuwa sahihi lilikuwa C, na waliolichagua ni wale sitini dhaifu. Jibu B lilikuwa limechaguliwa na wanafunzi mia moja na kumi, na wastani wao ulikuwa ishirini na tano. Nikajiuliza: kama B ndilo lingekuwa jibu sahihi, namba ingekuwaje? Nikakokotoa. Ikatoka chanya sifuri nukta tatu tisa. Katika mtihani mzima maswali matatu tu yalikuwa na namba nzuri kuliko hiyo.

Hapo ndipo nikachukua karatasi ya mtihani iliyochapwa na kusoma swali kwa macho, kwa mara ya kwanza nikilitazama herufi kwa herufi. "Neno FAHARI lina maana gani? A. Ndama jike. B. Utukufu. C. Ng'ombe dume. D. Zizi kubwa."

Lilikuwa swali la kuwanasa wanaochanganya l na r. Mtani alilitunga akiwa na nia ya kuuliza kuhusu fahali, na utukufu aliuweka hapo kama mtego kwa mtoto ambaye masikio yake hayatofautishi. Kisha katika kuandika neno lenyewe, ile hadhari ya miaka thelathini ikamsogeza mkono: aliona l, akashuku kwamba ni ulimi wa nyumbani unaosema, akaandika r. Ulimi wake wa nyumbani ulikuwa sahihi. Ni uangalifu wake uliomkosesha. Watoto waliosoma kwa makini waliona fahari, wakajibu utukufu, wakakosa. Watoto waliosoma kwa masikio, kama wanavyosikia nyumbani, wakajibu ng'ombe dume, wakapata.

Bado palikuwa na uwezekano kwamba kosa ni la mchapaji. Nilikwenda kwenye kabati nilikotunza miswada, nikautoa ukurasa wake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kulala kidogo, wa watu waliofundishwa kwa wino wa kuchovya. Aliandika fahari. Na pembeni mwa swali palikuwa na alama ya vema, ya kijani.

Siku ile nilikuwa nimesoma mimi. Sijui hadi leo nilitamka nini. Huenda macho yaliona r na mdomo ukasema r, na chumba kizima cha watu wa kanda ya ziwa kikasikia l kama kilivyozoea. Huenda nililijua jibu kabla ya kufika mwisho wa neno, nikasema fahali. Katika chumba kile matamshi yote mawili yangesikika sawa. Ninachokijua ni kwamba karatasi ilikuwa mikononi mwangu, na mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kuiona ile herufi, mbali na aliyeiandika, nilikuwa mimi.

Jumamosi nilifika mapema. Mtani alinitangulia hata hivyo, akiwa amevaa shati lake la mikono mirefu, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama rula. "Mwangaluka, Mkerewe!" Nilijibu kwa sauti ndogo, naye akadhani nina mafua.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamke wa makamo, ofisa elimu aliyesema maneno machache na kuyaandika yote. Alipofungua kikao, mwalimu wa Mabatini akasugua viganja.

"Haya, Bi Seria kaamkaje leo?"

"Bi Selia leo kanuna," alisema Mtani akicheka. "Mtazameni mkwewe alivyokunja uso."

Wakacheka. Mimi nikaanza kutoa taarifa. Nilikwenda kwa mpangilio wa namba, swali kwa swali, na nilipofika la kumi na saba nikaeleza kama nilivyoeleza hapa: namba hasi, makundi mawili, jibu B, namba inavyogeuka chanya ufunguo ukibadilishwa. Nilieleza vizuri. Naona aibu kukiri kwamba nilieleza vizuri kuliko siku zote. Kisha nikaandika ubaoni maneno mawili, moja chini ya lingine, fahali na fahari.

Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu," Mwenyekiti aliniuliza, "ni mchapaji, au ni mswada?"

"Ni mswada, Mama."

Nilimpa ukurasa. Aliutazama, kisha akausogeza mezani hadi kwa Mtani. Mtani akavaa miwani. Niliyaona macho yake yakiliendea neno, yakasimama hapo muda mrefu, kisha yakasogea pembeni mwa ukurasa na kusimama tena. Aliinua kichwa akanitazama. Hakutazama zaidi ya muda wa mtu kumeza mate.

"Lakini hili si lilisomwa hapa?" alisema mwalimu wa Mabatini. "Mimi nilisikia fahali. Nakumbuka hata nilisema tumuulize mwenye ng'ombe."

"Wewe ungesikia fahali hata ungesomewa farasi," mtu mmoja akamjibu, na kicheko kidogo kikapita mezani, kicheko cha watu wanaotaka jambo liishe.

Mwenyekiti hakucheka. "Kosa la mtunzi mwenyewe ndilo kanuni inalolitaja," alisema taratibu. "Kabla sijaandika, kuna mwenye la kusema?" Akatembeza macho kuizunguka meza.

Nimeipitia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyopitia ukurasa wowote wa kitabu. Nilikuwa na sentensi tayari: Nilisoma mimi, alama ni yangu, kosa ni letu sote. Maneno tisa. Yangetosha kulitoa kosa mikononi mwake na kulifanya la kamati. Nilikuwa nikingoja Mtani aseme kwanza lilisomwa na nani, ili nami nikiri kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa. Nadhani naye alikuwa akiningoja mimi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya wanachuo mia moja nikiwaambia kwamba mpimaji asiyejipima ni mwizi. Na bado nilikaa nikikitazama kidole changu kilichokuwa na vumbi la chaki.

"Mkono ni wangu, Mama," alisema Mtani. Alivua miwani. "Andika."

Mwenyekiti aliandika.

Kikao kilipokwisha nilimfuata mpaka langoni. Nilisema kwamba yule mama wa Mabatini atakuwa ameshaweka maji jikoni.

"Leo sinywi chai, Mwalimu," alisema.

Katika muda wote wa urafiki wetu hakuwahi kuniita Mwalimu. Alilisema bila ukali, kwa adabu kamili, kama anavyomwita mtu mwingine yeyote, akavuka barabara kwenda kupanda gari la Kisesa.

Zilipita wiki tatu. Kikao kilichofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana udhuru. Mimi nilikwenda Mabatini peke yangu, nikakaa mahali petu, na yule mama akaniletea vikombe viwili bila kuuliza. Nilivinywa vyote viwili. Sikujua mpaka siku hiyo ni kiasi gani cha fikra zangu kilikuwa kikitengenezwa pale, kwa kugongana na mtu. Nilikuwa na hoja mpya kuhusu neno "kumbe", hoja nzuri kabisa, wala hapakuwa na wa kuibomoa.

Ndipo nikaandika barua. Niliiandika mara nne, kila mara nikipunguza maneno, hadi ikabaki aya moja: kwamba swali la kumi na saba nililisoma mimi mbele ya kamati, kwamba alama ya kijani ni yangu, kwamba kosa lililopita mikononi mwa msomaji si la mtunzi peke yake, na kwamba naomba uamuzi utazamwe upya. Sikuituma. Niliipeleka mwenyewe ofisini kwa Mwenyekiti, maana niliogopa kwamba nikiipa mtu mwingine nitamfuata njiani na kuichukua.

Aliisoma akiwa amesimama.

"Niliuona wino wako siku ileile," alisema.

"Kwa nini hukunitaja, Mama?"

"Niliuliza kama kuna mwenye la kusema. Nilikutazama wewe mwisho, na nilikutazama muda mrefu. Ulikuwa unasoma kidole chako." Aliikunja barua yangu kwa uangalifu, akaitia katika faili la kamati. "Nitaandika muhtasari mwingine. Ataitwa, atathibitishwa. Hilo ni haki yake, wala si zawadi yako."

"Naelewa, Mama."

"Ila ungekuja wiki iliyopita." Alivuta droo, akatoa karatasi na kuiweka mbele yangu bila kuniachia niishike. Ilikuwa nakala ya ombi la uhamisho. Mtani alikuwa ameomba kwenda shule ya Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na amekubaliwa.

Nilimpigia simu jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya maji. Alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia watu wakifunga mizigo, na mkewe akiuliza kamba iko wapi.

"Nimepata ujumbe wa Mama," alisema. "Ahsante kwa barua."

"Utarudi kwenye kamati?"

"Kamati inakaa Jumamosi asubuhi. Kule kuna mzigo wa kazi, shule ina walimu watano."

"Kivuko kipo."

"Kipo, ndiyo," alisema. "Kivuko kipo."

Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa likinisumbua. "Uliiona alama yangu?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

Nikasikia kwa mbali kitu kinachofanana na ule mlio wa kijiko ukingoni mwa kikombe, ingawa huenda ilikuwa ni sufuria tu. "Swali lilikuwa langu," alisema. "Alama ilikuwa yako. Kila mtu na chake."

"Ningekuwa mimi ningesema."

"Usiseme ungefanya nini, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba swali hupimwa kwa majibu yaliyotolewa, hayahesabiwi yaliyokusudiwa."

Alinitakia heri na kulala salama, kwa r zote na l zote mahali pake, na hilo liliniuma kuliko maneno yenyewe. Zamani, kwangu alikuwa hazilindi. Kwangu alikuwa akiacha ua wazi.

Nimejitahidi kutolitia chumvi jambo hili. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyefukuzwa kazi. Mwanamume mzima aliamua kufundisha upande wa pili wa maji. Hata hivyo kuna Jumamosi ninaposahihisha kazi za wanachuo na kukutana na neno lililoandikwa r badala ya l, na kabla sijalizungushia duara najiuliza ni nani aliyewahi kumcheka huyu mtoto, na ni kiasi gani cha hadhari kimeingia katika herufi hii moja. Natamani ningekuwa na mtu wa kumuuliza. Natamani kusikia "habali" ikitamkwa bila woga mbele yangu. Kiswahili changu ni sahihi kila siku, nacho kimekuwa kimya.

Swali la kumi na saba lilirekebishwa, likaandikwa FAHALI, likajaribiwa upya mwaka uliofuata, na namba yake ikawa chanya. Kamati iliacha desturi ya kusoma kwa sauti. Sasa kila mjumbe hupewa nakala yake na kuisoma kimya. Rafiki yangu alithibitishwa kuwa mtunzi wa kudumu kwa barua, akaipokea, akaandika kushukuru. Hajatunga swali lolote tangu wakati huo, wala hajahudhuria kikao.